Chunusi: kutoka vichwa vyeusi hadi vinundu vya ndani, na lini krimu ya dukani haitoshi tena

Nawa mikono, fumba macho, kisha pitisha ncha ya kidole polepole kutoka pembeni mwa pua, kupitia shavuni, hadi kwenye taya. Chunusi nyingine utazihisi kama punje za mchanga zilizokaa juu ya ngozi. Nyingine utazihisi kama gololi ndogo iliyofukiwa chini: ukiigusa inauma, lakini ukienda kwenye kioo huoni kichwa chochote, pengine sehemu tu iliyoiva na kuvimba bila mpaka unaoeleweka.

Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya ngozi, na zoezi hilo ndilo la kwanza ninalomfundisha mtu kabla hata hajaniambia anapaka nini. Kioo kinaonyesha idadi tu, na wanaokuja kwetu karibu wote wanahesabu: leo zipo ishirini, jana zilikuwa kumi na tano. Lakini kovu halifuati idadi. Linafuata chunusi imeingia chini kiasi gani na uvimbe wake umekaa muda gani. Paji la uso lililojaa vichwa vyeusi laweza kupona bila alama, na mtu mwenye vinundu vitano tu kwenye taya akabaki na mashimo maisha yake yote. Kwa hiyo swali la kama krimu ya dukani inatosha linaanzia kwenye kidole.

Hatua ya kwanza: tambua una chunusi ya aina gani

Kila unywele, hata ule mdogo usioonekana wa usoni, unatokea kwenye tundu lake, na pembeni ya tundu hilo kuna tezi inayomwaga mafuta. Mtu akibalehe, homoni za androjeni zinaiamsha tezi na mafuta yanaongezeka. Wakati huohuo, seli zilizokufa za ukuta wa tundu, ambazo zilipaswa kutoka nje pamoja na mafuta, zinaanza kugandana. Zikigandana zinatengeneza kizibo. Kizibo hicho mwanzoni ni kidogo mno kuonekana kwa macho, na huchukua wiki nyingi, takriban nane, kabla hakijawa chunusi unayoiona. Shika jambo hilo, maana litaeleza mengi huko mbele: chunusi iliyotokeza leo asubuhi ilianza miezi kama miwili iliyopita.

Mdomo wa tundu ukibaki wazi, kizibo kinaonekana kama kichwa cheusi. Weusi huo si uchafu. Ni rangi ya ngozi yenyewe, melanini, pamoja na mafuta yaliyokutana na hewa, na ndiyo maana kusugua kwa dodoki hakuuondoi. Mdomo ukifunikwa na ngozi nyembamba, unapata kichwa cheupe: kipele kidogo cha rangi ya ngozi, hakiumi, hakina wekundu. Hivi ndivyo vinavyosahaulika. Ukitaka kuviona vizuri, kaa dirishani mwanga utoke ubavuni, vuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili, na vitajitokeza kama vijiwe chini ya shuka. Mimi naviogopa kuliko vyeusi, kwa sababu havina pa kutokea, na chunusi nyingi zinazovimba huanzia humo.

Bakteria wanaoishi ndani ya tundu wakizidi na mwili ukaanza kupambana, kizibo kinageuka kipele kilichovimba, kisha pengine kinapata ncha ya usaha. Kwenye ngozi nyeupe kipele hicho ni chekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani; unaona rangi ya kahawia iliyokolea au ya zambarau, na ndiyo maana watu wenye ngozi nyeusi huambiwa chunusi zao ni ndogo wakati zinawaka moto kwa ndani. Amini kidole: kama pana joto na panauma, pamevimba.

Vipele hivyo vikiwa vidogo, chini ya milimita 5, bado viko juu. Kikivuka hapo, kikawa kigumu, kinauma hata ukilaza shavu kwenye mto, na kikakaa wiki mbili tatu bila kutoa kichwa, hicho ni kinundu. Kikiwa laini kwa katikati, kama kifuko chenye ute na usaha, watu wengi hukiita sisti. Usihangaike kutofautisha kinundu na sisti, kwa kuwa hata madaktari huvishughulikia kwa njia moja. Kitu kimoja tu ukichunguze: ukigusa kimoja, usaha ukatokea kwenye kingine cha jirani, maana yake vimeungana kwa mifereji chini ya ngozi. Hapo usiendelee kusoma habari za krimu. Tafuta daktari wa ngozi wiki hiyohiyo.

Kabla hatujasonga, kuna vitu viwili vinavyofanana na chunusi na si chunusi za kawaida. Vipele vidogo vya ukubwa mmoja, vinavyowasha sana, kwenye paji la uso, kifua na mgongo, bila kichwa cheusi hata kimoja, mara nyingi ni fangasi wa matundu ya vinyweleo, na dawa za chunusi haziwafanyi kitu. La pili ni krimu za kung'arisha ngozi. Nyingi zina steroidi kali, na steroidi ikipakwa usoni miezi kadhaa inaleta vipele vinavyofanana kama vimepigwa mhuri. Mtu akiacha ghafla uso unalipuka, anadhani krimu ndiyo ilikuwa inamsaidia, anarudi kuipaka. Kama unatumia kitu cha namna hiyo mwambie daktari bila kuficha, akupangie namna ya kuiacha taratibu.

Hatua ya pili: elewa kovu linatoka wapi

Fikiria bomba la maji lililopita chini ya sakafu. Likiziba na kupasuka kwa juu, maji yanamwagika, unafuta, yamekwisha. Likipasukia chini, huoni kitu siku hiyo. Maji yanakula udongo taratibu, na baada ya wiki kadhaa sakafu inadidimia.

Kinundu ni bomba lililopasukia chini. Ukuta wa tundu unapasuka ndani ya tabaka la chini la ngozi, na mafuta, seli zilizokufa na bakteria vinamwagika mahali ambapo havikupaswa kufika. Mwili unaviona kama vitu vya kigeni. Unatuma chembe nyeupe za damu, nazo zinaachia vimeng'enya vinavyoyeyusha kila kitu, ikiwemo kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia ngozi isidondoke. Vita vikiisha mwili unajenga upya. Ukijenga pungufu, ngozi inadidimia na kuacha shimo. Ukijenga kupita kiasi, unapata kovu lililoinuka, na hayo hupenda zaidi taya, kifua, mabega na mgongo. Muda ndio unaoharibu: uvimbe wa siku tatu unayeyusha kidogo, wa wiki sita unayeyusha sana, na wa mwaka mzima unaojirudia palepale unamaliza.

Mashimo yenyewe si ya aina moja. Kuna yaliyo membamba na marefu, kama ngozi imechomwa kwa sindano nene. Kuna mapana yenye kingo zilizosimama, kama alama ya tetekuwanga. Na kuna mawimbi: ngozi inapanda na kushuka bila ukingo, kwa sababu nyuzi za kovu zinaivuta kutoka chini. Ukivuta ngozi kwa vidole, mawimbi yanapotea. Yale membamba hayapotei. Tofauti hiyo ina kazi mwishoni.

Madoa meusi si makovu. Watu wanalia mbele yangu kwa sababu ya "makovu", naweka taa ubavuni, napitisha kidole, na ngozi ni sawa kama meza. Hilo ni doa: rangi iliyobaki baada ya uvimbe, haikugusa kolajeni. Litafifia lenyewe kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka kwa ngozi nyeusi, mradi chunusi mpya zisiongezeke na jua lisilikolezee. Shimo halifutiki kwa krimu yoyote. Kwa hiyo fanya kipimo hiki leo: mwanga wa ubavuni, kidole, na kuvuta ngozi. Kikikuonyesha shimo hata moja, ruka hatua ya tatu, nenda moja kwa moja ya nne.

Na usiminye. Najua kila mtu ameshasema hivyo, lakini sikia kwa nini. Kinundu hakina mdomo. Ukikibana kwa vidole viwili, shinikizo linatafuta ukuta dhaifu zaidi, nao uko chini. Nilikuwa na miaka 16 nilipokaa mbele ya kioo usiku mzima nikipambana na kimoja kwenye shavu la kulia. Hakikutoka kitu ila damu. Asubuhi kilikuwa kimevimba mara mbili, kikakaa mwezi, na nilichobakiwa nacho ni shimo ambalo kichwa cha njiti ya kiberiti kinaingia vizuri. Wagonjwa wakinibishia nawaonyesha.

Hatua ya tatu: ipe krimu ya dukani nafasi ya haki

Hatua hii ni ya mwenye vichwa vyeusi, vichwa vyeupe na vipele vidogo, bila vinundu na bila shimo. Kwake dawa za dukani ni dawa kweli, shida ni namna zinavyotumiwa. Wengi hutumia nne kwa pamoja, kwa wiki mbili, juu ya chunusi zilizokwisha kutokea, kisha wanasema hazifanyi kazi.

Viungo vyenye uthibitisho wa kutosha ni vichache. Wa kwanza ni adapalini ya asilimia 0.1, kwingine huuzwa bila cheti na kwingine kwa cheti. Hii inazuia seli zisigandane, yaani inashughulika na kizibo chenyewe. Wa pili ni benzoili peroksidi, inayoua bakteria wa ndani ya tundu. Chukua ya asilimia 2.5, au 5 ukikosa. Ile ya 10 haitibu zaidi kwa kiasi cha maana, inachubua zaidi tu. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 ni dhaifu kidogo kuliko hizo, inafaa mtu ambaye shida yake ni vichwa vyeusi pekee.

Utaratibu ninaowapa watu ni huu. Asubuhi osha uso kwa sabuni laini isiyo na chengachenga, paka benzoili peroksidi, kisha losheni nyepesi iliyoandikwa kwamba haizibi matundu, kisha krimu ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi. Jioni osha tena, kausha kwa kugusagusa, subiri kama dakika ishirini ngozi ikauke kabisa, halafu adapalini. Kipimo chake kwa uso mzima ni tone moja linalofunika ncha ya kidole tu. Ligawe vinukta vitano: paji, mashavu mawili, pua, kidevu. Sambaza. Hupaki kwenye chunusi, unapaka uso wote, kwa sababu unayeiwinda ni ile ya miezi miwili ijayo, ambayo bado huioni.

Wiki mbili za kwanza paka adapalini kila baada ya siku mbili. Kisha siku moja paka, siku moja acha. Ukifika wiki ya tano au ya sita, na ngozi haichomi, paka kila usiku. Katikati hapo ngozi itakauka na kubambuka kidogo, na chunusi zinaweza kuongezeka kabla hazijapungua. Hiyo ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni ngozi inayowaka hata ukipaka losheni, au iliyovimba na kuchubuka: acha siku nne tano, kisha rudi ukipaka siku pungufu kwa wiki kuliko mwanzo. Mwenye ngozi nyeusi asijikaze kuvumilia kuchubuka, kwa sababu mchubuko wenyewe unaacha madoa. Mjamzito, au anayetafuta mimba, asitumie adapalini. Na taulo zako ziwe nyeupe, maana benzoili peroksidi inang'oa rangi ya kitambaa. Foronya nzuri ya buluu nimeipoteza hivyo. Dawa ya meno iache mswakini.

Unajuaje kama inafanya kazi? Piga picha siku ya kwanza, dirisha lilelile, saa ileile, pande zote mbili za uso, kisha kila baada ya wiki nne. Usilinganishe madoa, yanachelewa. Linganisha vipele vipya. Wiki ya nne usitegemee chochote. Wiki ya nane unapaswa kuona dalili. Wiki ya 12 ndiyo ya hukumu, na sasa unajua kwa nini: chunusi iliyoanza kutengenezwa kabla hujapaka dawa inahitaji miezi miwili kumaliza safari yake. Kama kufikia hapo vipele vipya vimepungua karibu nusu, endelea, maana bado dawa inazidi kuvuna. Kama hakuna tofauti na ulipaka kweli, umefika mwisho wa dukani. Usinunue tyubu nyingine ya jina jipya. Soma kiungo kilichoandikwa, mara nyingi ni kilekile.

Hatua ya nne: jua lini usisubiri hizo wiki 12

Mwenye kinundu asisubiri. Krimu hufanya kazi kwenye mdomo wa tundu na sehemu ya juu. Kinundu kiko chini, ambako ukuta umeshapasuka, na hakuna krimu ya dukani inayofika hapo kwa kiasi cha kutosha. Wiki 12 za kujaribu ni wiki 12 za kolajeni kuyeyuka. Vivyo hivyo mwenye shimo jipya au kovu lililoinuka, hata kama chunusi zake ni chache, kwa sababu ngozi imeshaonyesha inavyopona. Mwenye chunusi zilizoenea mgongo na kifua naye aende mapema, kwa kuwa kupaka eneo kubwa namna hiyo kila siku kunamshinda karibu kila mtu.

Kwa mwanamke, angalia pia mzunguko wa hedhi. Chunusi za taya na kidevu zinazopanda kila mwezi, pamoja na hedhi inayoruka miezi na nywele zinazoota kidevuni, zinaweza kuwa dalili ya homoni zisizokaa sawa, na hapo kuna vipimo vya kufanya na dawa zake tofauti, kama spironolaktoni au aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango.

Dharura ni moja: vinundu vilivyolipuka ghafla, vinavyopasuka na kutoa damu, pamoja na homa na maumivu ya viungo. Ni nadra, huwapata zaidi wavulana wa umri wa kubalehe, na ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya tano: kinachofanyika kwa daktari

Nieleze kwa mtu mmoja, bila jina lake. Kijana wa miaka 17, kilo 60, alikuja na mama yake. Chunusi zilianza miezi 11 nyuma. Alikuwa akipaka benzoili peroksidi ya asilimia 10 mara tatu kwa siku na ngozi ilikuwa imebambuka kama rangi ya ukuta uliolowa. Hapo katikati alikuwa amenunua vidonge vya antibayotiki mwenyewe, akameza siku tano, akaona nafuu, akaacha, zikarudi. Nilipopitisha kidole nilihesabu vinundu tisa kwenye taya zote mbili. Taa ya ubavuni ikaonyesha mashimo matatu kwenye shavu la kushoto. Mama hakuwa ameyaona.

Kwa watu wengi wenye chunusi za ukali wa kati, daktari huanza na antibayotiki ya kumeza, mara nyingi doksisaiklini miligramu 100 kwa siku, kwa takriban miezi mitatu. Haitolewi peke yake. Inakwenda pamoja na adapalini na benzoili peroksidi, kwa sababu antibayotiki peke yake inafundisha bakteria usugu, na ukiiacha hakuna kinachozuia vizibo vipya. Humezwa kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa, na hulali kwa muda wa nusu saa au zaidi, maana kidonge kikikwama kwenye koo la chakula kinaunguza. Inafanya ngozi iungue upesi juani. Mjamzito na mtoto mdogo chini ya miaka minane hawapewi. Siku tano za kujinunulia si tiba, ni mafunzo ya bure kwa bakteria.

Kwa kijana huyu daktari hakupita huko. Vinundu tisa na mashimo matatu vilitosha kumpeleka kwenye isotretinoini, dawa inayoisinyaza tezi ya mafuta yenyewe, na ambayo ikimalizwa wengi hawarudi tena kwenye hali ya mwanzo. Ilianza kutumika miaka ya 1980, na hesabu yake ni ya uzito. Lengo la kawaida ni jumla ya miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo ya mwili. Kilo 60 mara 120 ni miligramu 7,200. Mwezi wa kwanza alipewa miligramu 20 kwa siku, kwa sababu ukianza na dozi kubwa kwa mtu mwenye vinundu vingi, uso unaweza kulipuka: jumla 600. Zilibaki 6,600. Kuanzia mwezi wa pili alimeza 40 kwa siku, sawa na 1,200 kwa mwezi, kwa hiyo miezi mitano na nusu. Safari nzima, miezi sita na nusu. Kidonge kinamezwa pamoja na mlo wenye mafuta. Tumboni patupu sehemu kubwa yake haifyonzwi.

Kabla ya kuanza alipimwa ini na mafuta ya damu, na baadaye akarudiwa. Midomo ilipasuka kama ilivyo kwa karibu kila anayeitumia, akawa anatembea na kopo la mafuta ya mgando mfukoni. Pua ilimtoka damu mara mbili. Mama alipewa kazi moja, kutuambia mara moja akiona mtoto amejitenga au amebadilika moyo. Kijana alikatazwa kumeza virutubisho vya vitamini A, maana dawa yenyewe ni ya jamii hiyo, na doksisaiklini au ndugu zake, kwa kuwa zikikutana zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu. Alikatazwa pia kuchangia damu hadi mwezi mmoja upite baada ya kumaliza.

Sababu ya katazo la damu ndiyo sababu ya sharti kubwa kuliko yote: isotretinoini inamharibu mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi mpaka apimwe, awe na kinga ya uhakika ya kuzuia mimba kuanzia mwezi mmoja kabla, muda wote wa dawa, na mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Anayekuuzia bila kukuuliza hilo anakuuzia hatari, na usikubali kugawana vidonge na rafiki.

Wiki ya tatu uso wa kijana ulichafuka zaidi na alitaka kuacha. Kinundu kimoja kilichokuwa kinamuuma asilale, daktari alikichoma sindano ndogo ya steroidi iitwayo triamsinoloni, iliyochanganywa nyepesi, na kilisinyaa ndani ya siku tatu. Sindano hiyo ni ya mkono unaojua, maana ikizidi inaacha shimo la kwake. Mwezi wa nne hakupata kinundu kipya. Alipomaliza dozi, nilipitisha kidole taya zote mbili na hakikugonga kitu.

Mama akauliza mashimo yataondoka lini.

Hatua ya sita: makovu yenyewe

Hayaondoki kwa kidonge wala kwa krimu, na hayaguswi mpaka chunusi zitulie, kwani hakuna faida ya kujaza shimo huku jingine linachimbwa. Makovu yaliyoinuka huchomwa triamsinoloni kila baada ya wiki nne hadi sita mpaka yalale. Kuyakata tu bila matibabu mengine, hasa yale yanayotambaa nje ya mipaka ya kidonda, mara nyingi huyarudisha yakiwa makubwa zaidi. Mashimo yana njia kadhaa, na ukweli ni kwamba zinapunguza, hazifuti. Mashine za mwanga zipo, ila kwenye ngozi nyeusi zinaweza kuacha madoa zaidi, kwa hiyo omba wajaribu sehemu ndogo kwanza, karibu na sikio.

Kijana alirudi baada ya miezi kadhaa, chunusi zikiwa zimekaa kimya. Nilimshikia taa ubavuni, daktari akavuta shavu la kushoto kwa vidole viwili. Mashimo mawili yalipotea palepale: mawimbi. Chini yake aliingiza sindano yenye ncha bapa baada ya ganzi, akaisogeza kama anayekata uzi chini ya kitambaa, ili kuachanisha nyuzi zilizokuwa zinaivuta ngozi. La tatu halikupotea. Hilo lilikuwa jembamba, na alichukua kijiti cha mbao kilichochongwa, akakichovya kwenye asidi kali ya trikloroasetiki, akagusa chini ya shimo na pale tu. Ngozi ikageuka nyeupe kama chaki ndani ya sekunde chache. Alimwambia asibandue gamba litakalotokea, apake krimu ya jua kila asubuhi, na arudi baada ya wiki sita, kwa sababu shimo kama lile kwa kawaida linahitaji kuguswa mara tatu au zaidi.